Haki ya Kipekee na Eneo katika Mkataba wa Msambazaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watengenezaji Wadogo

Majibu haya yanamhusu mtengenezaji mwenye karakana ndogo ambaye amepata msambazaji, na msambazaji huyo ameweka sharti moja: awe peke yake. Katika maswali mengi nitatumia mfano mmoja. Ni wa karakana inayotengeneza vichujio vya maji vya kauri, yenye uwezo wa kutoa vichujio 400 kwa mwezi. Nambari zake nimezipanga ziwe rahisi kuhesabika, ili uweze kuziondoa na kuweka zako.

Msambazaji anaposema anataka "haki ya kipekee", anaomba nini hasa?

Anaweza kuwa anaomba jambo moja kati ya mawili, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hajachagua. La kwanza ni kwamba hutateua msambazaji mwingine katika eneo lake, ila wewe unabaki huru kuuza humo. La pili ni kwamba hakuna mwingine atakayeuza humo, na wewe mwenyewe umo katika hao "wengine". Mteja wako wa miaka minane akikupigia simu kutoka eneo hilo, utalazimika kumwambia aende kwa msambazaji.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko neno lenyewe linavyoonyesha. Kwa hiyo usitegemee neno "kipekee" likueleze. Andika sentensi kamili: "Mtengenezaji hatateua msambazaji mwingine wa Bidhaa katika Eneo, lakini anabaki na haki ya kuwauzia moja kwa moja wateja waliotajwa katika Kiambatisho cha Pili." Sentensi ya namna hiyo haigombaniwi baadaye.

Neno "Bidhaa" nalo lifafanuliwe. Taja modeli kwa namba zake. Ukiandika "bidhaa zote za Mtengenezaji", umempa pia ile ambayo bado hujaibuni.

Nitajuaje haki hiyo ina thamani gani kwangu?

Anza na unachouza sasa katika eneo hilo. Watu wengi huruka hatua hii, wakaanza kujadili asilimia ya punguzo kabla ya kujua wanachokitoa.

Karakana yetu ya vichujio inauza vichujio 140 kwa mwezi katika eneo linaloombwa. Kati ya hivyo, 80 inawauzia wateja moja kwa moja, na 60 vinanunuliwa na wauzaji wawili wa jumla. Badala ya fedha, tuhesabu faida kwa mafungu. Kichujio cha mteja wa moja kwa moja kinabakiza mafungu 10 baada ya kutoa gharama za kutengeneza, usafiri na ufuatiliaji wa madeni. Cha muuzaji wa jumla kinabakiza mafungu 7. Kwa bei ya chini anayotaka msambazaji, kitabakiza mafungu 6.

Leo karakana inapata mafungu 800 kwa mwezi kutoka kwa wateja wa moja kwa moja na 420 kutoka kwa wauzaji wa jumla, jumla 1,220. Kwa mwaka ni mafungu 14,640.

Msambazaji amekuja na ofa inayopendeza masikioni: oda ya kwanza ya vichujio 600, na ahadi ya kununua 1,800 kwa mwaka. Mwenye karakana akifurahia oda ya 600 anaweza asigundue kwamba 1,800 kwa mwaka ni 150 kwa mwezi, yaani kumi tu zaidi ya anavyouza sasa. Tena vyote vitakuwa kwa mafungu 6. Mwaka mzima utampa mafungu 10,800. Amefunga mlango, amefanya kazi zaidi, na amepata pungufu.

Ili asipoteze kitu, msambazaji angelazimika kununua vichujio 2,440 kwa mwaka, kwa sababu 14,640 ukigawa kwa 6 unapata 2,440. Hiyo ndiyo nambari ya kuwa nayo mfukoni kabla ya kikao. Ofa iko chini yake? Basi unalipia mwenyewe heshima ya kuwa na msambazaji.

Alisema 2,440 ni nyingi mno kwa mwaka wa kwanza. Nikubali ngapi?

Usianze kukata nambari. Tazama kwanza kama unaweza kukata kile unachokitoa.

Miongoni mwa wateja wa moja kwa moja wanaonunua vile vichujio 80 kuna taasisi tatu, tuseme, zinazonunua vichujio 30 kwa mwezi na ambazo zimekuwa na karakana tangu mwanzo. Karakana ikizibakiza mkononi mwake, inaendelea kupata mafungu 300 kwa mwezi kutoka kwao. Kinachohama ni mafungu 920 kwa mwezi, au 11,040 kwa mwaka, na hayo yanafidiwa na vichujio 1,840. Taasisi tatu tu, na kiwango cha kutopata hasara kimeshuka kwa vichujio 600. Msambazaji hapotezi sana, maana hajawahi kuwauzia na pengine angechukua mwaka kuaminika kwao.

Kiwango hicho ni sakafu tu, na makubaliano yanapaswa kukaa juu yake. Katika mfano wetu pande mbili zinaweza kukutana kwenye 2,200 kwa mwaka wa kwanza na 2,800 kwa wa pili. Kwa 2,200 karakana inapata mafungu 13,200 kutoka kwa msambazaji na 3,600 kutoka kwa taasisi, jumla 16,800. Sasa haki ya kipekee imelipiwa.

Wateja waliobakizwa watajwe kwa majina kwenye kiambatisho. Ukiandika "wateja wa zamani wa Mtengenezaji", miezi sita baadaye mtakuwa mnabishana nani wa zamani.

Kiwango cha chini kipimwe kwa oda, kwa malipo, au kwa bidhaa zilizofika kwa mlaji?

Kwa bidhaa alizonunua na kuzilipia. Oda ni karatasi, inaweza kuandikwa leo na kufutwa kesho. Mauzo kwa mlaji huwezi kuyahakiki, kwa kuwa vitabu ni vyake.

Hata hivyo kipimo cha malipo kina udhaifu wake. Msambazaji anaweza kujaza ghala mwishoni mwa kipindi ili atimize nambari, halafu akanyamaza. Wewe unaona mauzo, kumbe bidhaa zimelala. Kwa hiyo omba pia ripoti fupi ya kila mwezi yenye mambo mawili tu, alivyouza na vilivyobaki ghalani. Kiwango hakitapimwa kwa ripoti hiyo. Kazi yake ni kukuonya mapema.

Gawanya mwaka kwa robo, na upandishe kiwango polepole, kwa maana soko jipya haliamki siku ya kwanza. Zile 2,200 zinaweza kugawanywa 400, 500, 600 na 700. Kubalianeni pia kwamba ziada ya robo moja inahamia robo inayofuata tu, si zaidi. La sivyo oda moja kubwa ya mwanzo itamlinda mwaka mzima.

Tuifuate karakana yetu. Robo ya kwanza msambazaji ananunua zile 600, ziada ya 200. Robo ya pili ananunua 300, na kwa ile ziada anafika 500 kamili. Kwenye karatasi yuko sawa. Lakini ripoti zinaonyesha kwamba kwa miezi sita ameuza 520 tu, kama 87 kwa mwezi, na ghalani ana 380. Hizo zinamtosha zaidi ya miezi minne kwa mwendo huo. Mtengenezaji anayesoma ripoti anajua tayari kwamba robo ya tatu itakwama. Huu ndio wakati wa kukaa naye na kumuuliza wauzaji wake wanapita wapi, kabla jambo halijawa la notisi na mawakili.

Asipofikia kiwango, nivunje mkataba?

Hapana, au tuseme si mara ya kwanza. Kama adhabu pekee ni kuvunja mkataba, hutaitumia: utaogopa kupoteza hata kile kidogo anachonunua. Adhabu isiyotumika ni sawa na isiyokuwapo.

Weka ngazi. Robo ya tatu msambazaji wetu alinunua 430 badala ya 600, pengo la 170. Ngazi ya kwanza ni siku 30 za kununua na kulipia pengo hilo. Akilijaza, anabaki na haki yake yote. Asipolijaza, haki ya kipekee inakoma, lakini mkataba unaendelea: bado ananunua kwa bei ileile, bado ni msambazaji, ila sasa unaweza kuweka mwingine au kuuza mwenyewe. Kuvunja mkataba kunabaki ngazi ya mwisho, kwa mfano akishindwa robo mbili mfululizo baada ya hapo.

Kifungu kinaweza kusomeka hivi: "Iwapo Msambazaji hatafikia Kiwango cha Chini cha robo yoyote, na hatajaza pengo ndani ya siku 30 tangu kupokea notisi ya maandishi, haki yake ya kipekee itakoma mwishoni mwa siku hizo, na masharti mengine ya Mkataba yataendelea kutumika."

Msambazaji makini atakuuliza swali moja zuri: itakuwaje wewe ukichelewesha mzigo? Mkubalie bila kinyongo. Kiwango kipungue kwa idadi ya bidhaa alizoagiza kwa wakati na wewe ukashindwa kuzitoa. Ukikataa hilo unamwambia kwamba huiamini karakana yako mwenyewe.

Kuna kosa moja la kimyakimya. Robo inapita, kiwango hakikufikiwa, na wewe hukuandika chochote kwa sababu mnaelewana vizuri. Ikija ya pili, ya tatu, unataka kukitumia kifungu, naye anasema ulikwisha kukisamehe kwa matendo yako. Kila upungufu uandikie barua, hata kama unampa muda zaidi. Sema humo kwamba unampa muda kwa robo hiyo peke yake.

Eneo liandikweje?

Kwa orodha ya mikoa, wilaya au miji kwa majina rasmi, kama mipaka yake ilivyo tarehe ya kusaini. Mipaka ya utawala hubadilika, wilaya hugawanywa, na hutaki mkataba wako ubadilike nayo. Ramani yenye rangi iambatanishwe, ila mseme kwamba orodha ndiyo yenye nguvu ikitofautiana na ramani.

Maneno "na maeneo jirani" yakimbie. Niliwahi kuyakubali katika mkataba wangu wa kwanza kwa kuwa kikao kilikuwa kimechelewa na chai imepoa. Mwaka uliofuata nilipopata mnunuzi mzuri saa tatu barabarani kutoka hapo, niliambiwa huko nako ni jirani.

Kuna pia njia ya kugawa soko kwa aina ya mteja badala ya ardhi. Mmoja anapewa maduka ya rejareja, mwingine hospitali na shule, wote katika eneo lilelile. Inafaa pale ambapo njia za kuwafikia hazifanani kabisa. Ila fikiria kwanza yule mteja wa katikati, mwenye duka ambaye pia hutoa zabuni mashuleni. Kama wapo wengi wa namna hiyo, gawa kwa ardhi.

Anataka nchi nzima, au kanda nzima ya nchi kadhaa. Nimpe?

Mpe mahali magari yake yanapofika. Hilo unaweza kulithibitisha. Muulize ghala ziko wapi, wauzaji wa nje ni wangapi na kila mmoja analala wapi, na wateja wake wa bidhaa nyingine wamekaa wilaya zipi. Ukiona kazi yake yote iko katika mikoa minne, basi hiyo minne ndiyo eneo lake. Mikoa mingine anaiomba ili mwenzake asiipate.

Atakwambia hawezi kuwekeza kwenye matangazo halafu jirani aje avune. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Mpe nafasi ya kukua yenye mwisho: ukitaka kufungua eneo jipya lililo kwenye orodha mliyokubaliana, utamwarifu yeye kwanza na mtazungumza kwa siku 45. Msipoelewana, uko huru.

Usibadilishe hilo kwa haki ya kulinganisha ofa, ile inayokulazimisha umpelekee ofa ya mtu mwingine ili aichukue yeye kwa masharti yaleyale. Kwa mtengenezaji mdogo huo ni mzigo. Nani atapoteza mwezi mzima akipima soko na kuandaa ofa, akijua itaenda kwa mtu mwingine?

Bidhaa zikivuka mpaka wa eneo, au zikiuzwa mtandaoni, nimzuie nani?

Hapa sheria ya ushindani inaingia, na baadhi ya mnavyotamani kuandika vinaweza kuwa batili.

Tofauti ya msingi ni hii. Kumzuia msambazaji wa eneo A asiwafuate wateja wa eneo B, yaani asipeleke wauzaji huko, asifungue ghala na asielekeze matangazo huko, kwa kawaida kunakubalika pale ambapo eneo B limepewa mtu mwingine kwa haki ya kipekee. Kumzuia asimuuzie mteja wa B aliyemjia mwenyewe bila kutafutwa ni jambo jingine. Katika Umoja wa Ulaya zuio la namna hiyo ni kati ya makosa makubwa ya mikataba ya usambazaji, na Kanuni ya 2022/720, iliyoanza kutumika Juni 2022, imeishikilia tofauti hiyo. Kanuni hiyohiyo inaruhusu eneo moja la kipekee kuwa na wasambazaji hadi watano.

Kesi iliyofundisha wengi ni ya mwaka 1966. Grundig ya Ujerumani, watengenezaji wa redio na vinasa sauti, waliwapa Consten haki ya kipekee Ufaransa, na wakawakataza wasambazaji wao wa nchi nyingine kuuza kuelekea huko. Juu ya hayo, Consten walisajili Ufaransa alama ya biashara ya GINT, iliyokuwa juu ya bidhaa hizo, kwa jina lao. Kampuni nyingine iliponunua bidhaa Ujerumani na kuziuza Ufaransa kwa bei nafuu, Consten wakaishtaki. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliona kwamba kuligeuza eneo kuwa ngome isiyoingilika kunavunja sheria ya ushindani. Kuwa na msambazaji mmoja si kosa. Kosa lilikuwa ukuta uliozungushwa.

Kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo kifungu hiki ndicho cha kumlipia wakili wa eneo husika, hata kama vingine umeandika mwenyewe. Kwa upande wako, ahidi tu unachoweza kukitimiza. Usiahidi kwamba "hakuna bidhaa itakayoingia katika Eneo". Ahidi kwamba hutawauzia wengine humo kwa makusudi, na kwamba utamhamishia msambazaji maulizo yanayokufikia kutoka eneo lake.

Kuhusu tovuti yako mwenyewe, amueni mapema. Njia inayopunguza ugomvi ni kuendelea kuuza mtandaoni kwa bei ya rejareja, na kumpa msambazaji asilimia ndogo ya kila oda inayopelekwa eneo lake. Anakoma kuiona tovuti yako kama mwizi.

Muda uwe miaka mingapi?

Yeye anaomba mitano, wewe unataka mmoja. Miwili yenye viwango kwa kila robo inawatosha wote, kwani ulinzi wako uko kwenye viwango zaidi kuliko kwenye tarehe. Usikubali mkataba unaojihuisha wenyewe bila viwango vipya vya mwaka unaofuata. 2,800 ya mwaka wa pili itakuwa aibu mwaka wa tano.

Kabla ya kukubali mkataba usio na ukomo, angalia sheria ya nchi ya msambazaji. Ubelgiji, kwa mfano, ina sheria ya tangu 1961 inayomlinda msambazaji wa kipekee mwenye mkataba usio na ukomo: ukiuvunja bila notisi ya kutosha unamlipa fidia, na unaweza kumlipa pia kwa wateja aliowajenga.

Na yeye nimkataze kuuza bidhaa za washindani wangu?

Kama umempa haki kamili, ni halali kumwomba asiuze zinazofanana moja kwa moja na yako. Zitaje kwa ufinyu: "vichujio vya maji vya kauri vya nyumbani", si "vifaa vyote vya maji". Akipoteza haki ya kipekee, katazo hili likome siku hiyohiyo.

Anajitolea kusajili bidhaa na alama ya biashara kwa jina lake ili kuniokoa usumbufu. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ukimwondolea haki ya kipekee kwa karatasi ilhali kibali cha kuingiza bidhaa na alama ya biashara ni vyake, hujamwondolea kitu. Msambazaji mpya hataweza kuingiza hata katoni moja. Hata katika ile kesi ya GINT, alama iliyosajiliwa kwa jina la msambazaji ndiyo iliyokuwa silaha yake.

Alama isajiliwe kwa jina lako, kabla ya kusaini. Kibali, pale sheria inapotaka kiwe na mwenyeji, kinaweza kuwa kwa jina lake, lakini mkataba useme anakishika kwa niaba yako na atakihamisha ndani ya siku 30 tangu haki yake ya kipekee ikome. Afadhali asaini fomu ya uhamisho mapema, ikae kwa wakili.

Ameshalipia oda ya kwanza na mkataba bado haujasainiwa. Nitume mzigo?

Tuma, lakini andika kwenye ankara na kwenye barua inayoambatana: "Mauzo haya ni ya mara moja na hayatoi haki ya kipekee wala ahadi ya eneo." Mwombe ajibu kwamba amepokea na kuelewa, kisha tunza jibu lake pamoja na ankara.